Intavyu ya teknishani wa maabara: jaribio unalijua, lakini kosa lake lilielekea wapi?

Kuna swali kwenye intavyu za teknishani wa maabara ambalo huwa halikosi na linakuja kwa upole kabisa: "Haya, tueleze jaribio moja ulilolifanya kwa mikono yako mwenyewe." Watu wengi wakilisikia wanashusha pumzi, wanaona hili ni la kwangu, wanaanza kutiririka vifaa, hatua, matokeo, kama wanasoma daftari la praktiko. Mi nimekaa upande wa kuulizwa, baadaye nikakaa upande wa kuuliza, na nawaambia tu ukweli kwamba hiyo hadithi ya hatua kwa hatua ndo sehemu ambayo jopo linaisikiliza kwa sikio moja. Hatua zimebandikwa ukutani maabarani, yeyote anaweza kuzifuata. Wanachosubiri ni swali la pili, makosa yangeweza kuingia wapi, na la tatu, uliandika nini kwenye daftari, na ukiangalia vizuri haya matatu ni swali moja limekatwa vipande: je, namba ulizotoa mwenyewe unajua ziliharibikaje, na mtu mwingine akifungua daftari lako ataona?

Sasa badala ya kuongea juu juu nachukua jaribio moja tu, tena dogo, tunalifuata mpaka mwisho. Nimechagua titresheni ya kutafuta mkolezo halisi wa NaOH kwa kutumia KHP. Sio la kifahari, lakini kwenye intavyu ni zuri sana kwa sababu wanajopo karibu wote wamelifanya, kwa hiyo hawapotezi muda kukuelewa, na kwa sababu makosa yake yana mwelekeo unaoonekana.

Kwanza kwa nini tunalifanya. Mtu anaweza kusema, si nipime tu gramu 4.00 za NaOH niyeyushe kwenye lita moja, moli yake moja ni gramu 40.00, basi nina 0.1 M? Shida ni kwamba NaOH ni mlafi. Ukifungua tu kopo inaanza kunyonya unyevu wa hewa, na kabonidayoksaidi nayo inaila juujuu na kuigeuza kabonati. Kwa hiyo gramu unazoziona kwenye mizani sio NaOH zote, na huwezi kujua ni ngapi. Ndo maana unatengeneza mmumunyo wa takribani kisha unaupima dhidi ya kitu ambacho mizani haikudanganyi, na KHP, yaani potasiamu haidrojeni thaleti, ndo kitu hicho: inapatikana ikiwa safi sana, hainyonyi unyevu kwa pupa, na moli moja ina gramu 204.22, kwa hiyo hata kosa dogo la kupima uzito linakuwa dogo zaidi ukilinganisha na uzito wenyewe. Moja kwa moja, moli moja ya KHP inamaliza moli moja ya NaOH. Ukiyasema haya kwa sentensi mbili tatu kabla hujafika kwenye bureti, jopo linajua kuwa unaelewa kwa nini hatua ipo, sio kwamba umeikariri tu.

Jaribio lenyewe sasa. KHP inakaushwa kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili, inapoa ndani ya desiketa. Unapima karibu nusu gramu kwenye mizani inayosoma mpaka 0.0001, unaimimina kwenye flaski ya koni, unaongeza maji yaliyosafishwa kama mililita 50, unatikisa mpaka iyeyuke, matone mawili matatu ya fenolfthalini. Bureti ya mililita 50 unaisuuza na maji kisha unaisuuza na NaOH yenyewe mara mbili tatu, unaijaza, unahakikisha ncha haina kiputo, unasoma mwanzo. Halafu unaachia NaOH huku unazungusha flaski mpaka rangi ya pinki hafifu itokee na ikae sekunde 30. Unasoma mwisho. Basi. Dakika moja na nusu za kuongea, usizidishe.

Kwa nini nusu gramu na sio gramu 0.1? Hili wanapenda kuliuliza na jibu lake ni mlango wa kuingilia kwenye makosa. Nusu gramu ya KHP ni kama milimoli 2.5, itakula kama mililita 25 za NaOH ya 0.1 M. Bureti ya daraja A ya mililita 50 inaruhusiwa kukosea 0.05 mL. Kwenye mililita 25 hiyo ni 0.2%. Ungepima gramu 0.1 ungetumia kama mililita 5 tu, na 0.05 ileile sasa ni 1%. Kosa halijabadilika, ila mzigo umekuwa mdogo kwa hiyo kosa limekuwa kubwa kwake. Na mizani je? 0.0002 g kwenye gramu 0.5 ni 0.04%. Maana yake mizani yako ni nzuri mara tano kuliko bureti, kwa hiyo mtu akikwambia "tutaboresha matokeo kwa kununua mizani bora" unajua kabisa hela inapotea, tatizo lipo kwenye bureti na kwenye jicho.

Haya tuchukue namba. Tuseme ulipima kama gramu 4.2 za NaOH ukatengeneza lita moja, ukafanya titresheni nne. Daftari linasema hivi:

Ya kwanza: KHP 0.5104 g, bureti mwanzo 0.35, mwisho 25.10, zimetumika 24.75 mL.
Ya pili: KHP 0.5217 g, mwanzo 0.10, mwisho 25.42, zimetumika 25.32 mL.
Ya tatu: KHP 0.4986 g, mwanzo 0.15, mwisho 24.70, zimetumika 24.55 mL.
Ya nne: KHP 0.5062 g, mwanzo 0.20, mwisho 24.72, zimetumika 24.52 mL.

Kwa ya kwanza hesabu ni 0.5104 ÷ 204.22 = 0.0024993 mol, gawanya kwa lita 0.02475 unapata 0.1010 M, au ukiacha tarakimu moja ya akiba 0.10098. Ya pili inatoa 0.10089. Ya nne 0.10109. Zinasogeleana, kati ya ndogo na kubwa ni 0.2%, ndo kiasi kilekile tulichosema bureti inaruhusiwa kukosea, kwa hiyo hakuna cha kushangaza. Sasa ya tatu inatoa 0.09945. Hii iko chini kwa asilimia moja na nusu hivi. Wastani wa tatu nzuri ni 0.1010, ukichanganya na ya tatu unashuka mpaka 0.1006.

Hapa ndo intavyu inaanzia kwa kweli. Mwenyekiti wa jopo anakuuliza kwa sauti ileile ya upole: "Hiyo ya tatu uliifanyaje?"

Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyopenda ni "niliiacha, haikuendana na nyingine." Mtu analisema bila wasiwasi kabisa, anaona ni busara. Jingine ni "itakuwa ni makosa ya kibinadamu." Hilo la pili ndo linanikera zaidi manake halisemi kitu, ni sawa na daktari akwambie unaumwa ugonjwa. Binadamu alifanya nini? Alisoma vibaya, alisuuza vibaya, alipitiliza tone, alimwaga? Kila moja linaacha alama yake kwenye namba, na alama hiyo ina upande, juu au chini, na ina ukubwa. Mtu anayejua kazi anaanzia kwenye alama na kurudi nyuma.

Tufanye hivyo na ya tatu. Mkolezo umetoka chini. Mkolezo ni moli za KHP gawanya kwa ujazo wa NaOH, kwa hiyo ama uzito wa KHP ulioandikwa ni mdogo kuliko uliopo kwenye flaski, ama ujazo ulioandikwa ni mkubwa kuliko uliohitajika kweli. Kwa 0.4986 g, kama mkolezo ni 0.1010, ilitakiwa itumike 24.17 mL. Imeandikwa 24.55. Ziada ni 0.38 mL. Je, ni kupitiliza tone? Tone moja la bureti ni kama 0.05 mL, hiyo ingekuwa matone saba au nane, pinki ingekuwa imekolea sana, ungeiona. Ni kusoma vibaya? Inawezekana ila watu wakikosea kusoma bureti hukosea ama kidogo, 0.02 au 0.05, ama kwa namba nzima, 1.00, kwa sababu wameruka mstari mkubwa. 0.38 haina sura hiyo. Ni mizani? Ingebidi uwe umekosea miligramu nane kwenye mizani ya tarakimu nne, labda kama uliweka chombo kikiwa bado cha moto, maana hewa ya moto inapanda na kukinyanyua chombo kinaonekana chepesi kuliko kilivyo. Hilo liweke akilini. Lakini kuna mshukiwa mkubwa zaidi: kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti. Kama kilikuwepo wakati unasoma mwanzo, alafu kikatoka katikati ya titresheni, NaOH ilishuka kujaza nafasi yake bila kufika kwenye flaski. Bureti inahesabu, flaski haijapokea. Ujazo unaandikwa mkubwa, mkolezo unatoka chini, na 0.38 mL ni kiputo cha kawaida kabisa chini ya koki.

Kwa hiyo jibu zuri linasikika hivi: "Ya tatu ilitoka chini kwa asilimia 1.5. Nilikuwa nimejaza bureti upya kabla yake na sikuangalia ncha. Katikati niliona kiputo kinatoka, nikaandika palepale pembeni ya usomaji, saa na dakika, kabla sijapiga hesabu. Nilimaliza titresheni, nikaiacha daftarini, nikafanya ya nne baada ya kuhakikisha ncha iko safi. Kwenye wastani nimetumia ya kwanza, ya pili na ya nne, na nimeandika sababu ya kuiacha ya tatu."

Angalia neno "kabla sijapiga hesabu". Hilo ndo linalobeba jibu zima. Ukiandika kiputo kabla ya kujua namba imetoka vipi, huo ni ushahidi. Ukiandika kiputo baada ya kuona namba haikupendezi, huo ni utetezi, na mkaguzi mzoefu anajua tofauti.

Na kama hukuona kitu chochote? Basi huna sababu, na ukweli ni kwamba huna. Unarudia mara mbili tatu zaidi. Au unatumia kipimo cha Dixon, ambacho kwa lugha rahisi kinauliza pengo kati ya namba inayotiliwa shaka na jirani yake ni sehemu gani ya upana wote. Hapa pengo ni 0.10089 toa 0.09945, yaani 0.00144, upana wote ni 0.10109 toa 0.09945, yaani 0.00164, ukigawanya unapata 0.88. Kwa vipimo vinne, kwa uhakika wa 95%, mpaka ni 0.829, kwa hiyo umeuvuka na unaruhusiwa kuiacha. Ila kipimo hiki hakikwambii kiputo kilikuwepo, kinakwambia tu kwamba namba iko mbali kupita kawaida, kwa hiyo kwenye ripoti unaandika umeiacha kwa Dixon, huandiki kiputo ambacho hukukiona.

Sasa makosa mengine, na hapa nitasema machache maana ukitaja kumi na tano kwa pumzi moja jopo linaona umekariri orodha.

La kusuuza. Swali la mtego: "Bureti unaisuuza na nini, na flaski ya koni unaisuuza na nini?" Bureti na NaOH, kwa sababu maji yakibaki kwenye kuta yataipunguza nguvu NaOH, utatumia nyingi zaidi, mkolezo utatoka chini ya ule wa kwenye chupa. Flaski ya koni na maji tu, tena hata ikibaki na maji ndani haijalishi kabisa. Kwa nini haijalishi? Kwa sababu moli za KHP uliziamua kwenye mizani, ukiongeza maji mililita 50 au 70 moli ni zilezile. Watu wanakosea hapa kwa kuwa wanaona usafi ni usafi, wakati suala ni moli zinahesabiwa wapi.

La jicho. Kila mtu anasema "paralaksi" alafu ananyamaza. Ukiulizwa inaenda upande gani, usibahatishe, fikiria mstari wa jicho. Meniskasi iko katikati ya mrija, alama ziko kwenye kioo mbele yake. Ukiangalia kutokea juu, mstari unakata kioo mahali palipo juu ya meniskasi, na kwenye bureti juu ni namba ndogo, kwa hiyo unasoma pungufu. Ukiangalia kutokea chini unasoma zaidi. Wengine wanajitetea eti kwa kuwa tunatoa mwisho kwa mwanzo basi kosa linajifuta. Lingejifuta kama jicho lingekuwa na pembe ileile mara zote mbili. Lakini fikiria mtu amekaa kwenye stuli. Mwanzo meniskasi iko juu karibu na sifuri, anaitazama kwa chini, anasoma zaidi. Mwisho imeshuka robo mita hivi, anaitazama kwa juu, anasoma pungufu. Makosa mawili yanasaidiana, ujazo unapungua pande zote mbili, mkolezo unatoka juu. Kinachofanyika ni kusogeza jicho, au kushusha bureti kwenye stendi, na kuweka kadi nyeupe yenye mstari mweusi nyuma ya meniskasi ili ukingo wake uonekane.

La kabonidayoksaidi. Hapa watahiniwa huwa wanajaa maneno kwa sababu wameambiwa kuchemsha maji. Ni kweli unachemsha na kupoza, lakini piga hesabu: maji yaliyotulia na hewa yana CO2 kidogo sana, kwenye mililita 50 haifikii kula hata 0.01 mL ya NaOH ya 0.1 M. Maji yanaweza kuwa na zaidi ya hapo, ndo maana unafanya titresheni tupu, maji na kiashiria bila KHP, ukatoa ujazo wake. CO2 inayoumiza ni ile inayoingia kwenye chupa ya NaOH siku baada ya siku. Kila moja inayoingia inakula haidroksaidi mbili na kuacha kabonati moja, na mbele ya fenolfthalini kabonati hiyo inarudisha moja tu, kwa hiyo chupa inapungua nguvu pole pole na lebo inabaki ileile. Na kuna CO2 ya tatu, ya hewa inayoingia kwenye flaski wakati unaizungusha: pinki inafifia baada ya dakika moja mbili na mgeni anaongeza tone, tena tone. Ndo maana ya zile sekunde 30. Ikikaa sekunde 30 umemaliza, ikififia baadaye iache ififie.

Halafu kuna aina ya kosa ambayo kurudia hakuioni, na hili ni la kulisema hata wasipouliza. Tuseme KHP ilibaki na unyevu wa 0.5% kwa kuwa mtu aliacha mfuniko wazi na wewe hukukausha. Kila ulipopima gramu 0.5, KHP halisi ilikuwa pungufu kwa 0.5%. NaOH kidogo inatosha kuimaliza, hesabu inakupa 0.1015 badala ya 0.1010. Fanya mara nne, mara kumi, zote zitasogeleana vizuri, zitapendeza, na zote zitakuwa zimekosea upande mmoja. Nimeona mtu anatetea matokeo kwa kusema "lakini zinaendana!" na kweli zilikuwa zinaendana. Kuendana kunakwambia mkono wako umetulia, hakukwambii shabaha iko wapi. Kosa kama hili unalikamata kwa njia nyingine kabisa: unapima NaOH hiyo dhidi ya asidi iliyothibitishwa kwa kitu kingine, kwa mfano HCl iliyopimwa kwa sodiamu kabonati, au mmumunyo wa kununua wenye cheti. Njia mbili zikikubaliana ndo unapumua.

Kabla sijasahau, zile gramu 4.2 za mwanzo. Kama zote zingekuwa NaOH tungepata 0.105 M. Tumepata 0.1010. Karibu 4% ya ulichopima kilikuwa maji na kabonati. Ukiitaja hiyo kwenye intavyu umelijibu swali la "kwa nini tunafanya standadi" kwa namba yako mwenyewe, na namba yako haina mtu wa kubishana nayo.

Daftari sasa. Nina kovu langu hapa. Zamani nilikuwa na tabia ya kuandika usomaji kwenye kikaratasi, hata kwenye glavu, alafu jioni nahamishia daftarini kwa mwandiko mzuri. Siku moja nikahamisha 24.75 nikaandika 24.57. Kikaratasi kilikuwa kimeshatupwa. Matokeo yakatoka na tofauti ya 0.7%, siku mbili tunatafuta tatizo kwenye kemikali, tunakausha KHP upya, tunabadilisha bureti, kumbe tatizo ni tarakimu mbili zimepishana mkononi mwangu jioni. Na sikuwa na njia ya kuthibitisha, nilihisi tu, maana ushahidi wa asili haukuwepo. Tukarudia kazi yote.

Ndo maana kwenye jedwali la juu nimeandika mwanzo na mwisho, sio tofauti peke yake. Ungeandika 24.75 tu, mtu hawezi kujua kama ulitoa vizuri. Na andika 25.10, sio 25.1, ile sifuri ya mwisho inasema uliisoma bureti mpaka sehemu ya mia, ukiifuta umesema hukuangalia. Kwa wino, kwenye daftari lililoshonwa lenye kurasa zenye namba, palepale unaposoma, hata kama mwandiko unachechemea na kuna doa la fenolfthalini. Pembeni unaweka vitu ambavyo leo vinaonekana vya kipuuzi: namba ya toleo ya KHP, mizani ipi, bureti ipi, tarehe ya kukausha, nani alifanya. Miezi sita ijayo bureti ile ikigundulika imekosea, hizo ndo zitakazokwambia ni matokeo gani yaguswe na yapi yaachwe. Kama mizani inatoa risiti ya karatasi ya joto, ibandike lakini itolee na kopi, ile karatasi inafifia mpaka inabaki nyeupe.

Ukikosea kuandika, mstari mmoja juu ya namba isomeke bado, namba sahihi pembeni, ufupisho wa jina, tarehe, sababu kwa maneno machache. Hakuna kufuta kwa rangi nyeupe, hakuna kuandika juu ya namba, hakuna kuchana ukurasa. Hii sio ukali wa bosi. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, ambacho maabara za upimaji hukaguliwa nacho, kinataka data ya asili na iliyorekebishwa zote zitunzwe, pamoja na tarehe ya marekebisho, kilichobadilishwa na aliyebadilisha. Na kama mnatumia faili la kompyuta masharti ni yaleyale, seli uliyoibadilisha bila kuacha alama ni sawa na kutumia ile rangi nyeupe.

Swali la mwisho ambalo mi hupenda kuuliza, na wengi huwa wameshaanza kukusanya vyeti vyao: "Na hiyo chupa ya NaOH, ukiondoka utaiachaje?" Niliwahi kujibiwa na dada mmoja bila kufikiria sana. Chupa ya plastiki, akasema, sio ya kioo chenye kizibo cha kioo, kizibo kitang'ang'ania na NaOH inakula kioo pole pole. Juu yake mrija wa soda chokaa kuzuia CO2. Lebo: NaOH 0.1010 M, tarehe ya kupimwa, ukurasa wa daftari, ufupisho wa jina lake. "Na wiki ijayo mtu akitaka kuitumia?" Akasema hataiamini lebo, atapima titresheni mbili za KHP kwanza, na namba mpya ikishuka chini ya 0.1005 atarudi kuangalia soda chokaa.